Swali la mtihani kuhusu mauaji ya Rwanda: nilitunge vipi lisiwachome wanafunzi?

Mwalimu, shikamoo.

Nafundisha Historia kidato cha tatu na cha nne katika shule moja mkoani Kigoma, si mbali na mpaka. Darasani nina watoto wa Kiha, nina wajukuu wa watu waliokimbia Burundi mwaka 1972 ambao sasa ni raia, nina waliotoka Kongo, na wawili watatu ambao wazazi wao ni Wanyarwanda. Muhula uliopita nilitoa jaribio lenye swali hili: "Eleza sababu sita zilizowafanya Wahutu wawaue Watutsi mwaka 1994." Siku ya kurudisha karatasi, mvulana mmoja akasoma kwa sauti jibu la jirani yake: "Watutsi walijitafutia wenyewe." Msichana mmoja akatoka nje analia. Mwingine akasimama akauliza mbona hawaulizwi kuhusu Wahutu waliouawa Burundi. Nilishindwa kuwatuliza.

Mkuu wa shule ameniambia mada hiyo nisiiguse tena kwenye mtihani. Lakini nimeifundisha, na naona si haki kuifundisha bila kuipima. Mtihani wa mwisho wa mwaka ndio naanza kuutunga. Niliache swali, au ipo namna ya kuliuliza? Na jibu kama lile la "walijitafutia" nilisahihisheje, wakati kijana mwenyewe ametaja sababu nyingine tano ambazo ni sahihi?

Mwalimu wa Historia, Kigoma

*

Marahaba, mwalimu. Mada ibaki kwenye mtihani, ila swali lile lisirudi, hata kwa kubadilisha neno mojamoja. Tulifungue kwanza tuone limebeba nini, kwa sababu tatizo lake si ukali wa lugha. Hakuna tusi ndani yake, na maswali ya aina hiyo yamejaa kwenye majaribio ya shule zetu.

Mtenda katika sentensi yako ni "Wahutu". Mwanafunzi akishaanza kujibu, kila hoja yake italazimika kuanza na "Wahutu waliwaua kwa sababu", na hapo hana njia ya kuandika kwamba miongoni mwa watu waliouawa siku ya kwanza kabisa, 7 Aprili 1994, alikuwemo Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana, ambaye alikuwa Mhutu, na kwamba waliomuua walikuwa askari wa jeshi la nchi yake. Hana pa kumweka Mhutu aliyemficha jirani yake ndani ya nyumba. Swali limeshamwamulia kwamba kabila zima liliinuka. Na wale watoto wako ambao babu zao ni Wahutu wa Burundi wanasoma shitaka linalowahusu kwenye karatasi yenye nembo ya shule.

Upande wa pili wa sentensi kuna "zilizowafanya". Neno hilo linamtaka mwanafunzi atafute kilichowasukuma wauaji, na njia rahisi ya kukipata ni kuangalia waliouawa walikuwa watu wa namna gani. Hapa ndipo idadi ya hoja inapofanya madhara ambayo watungaji wengi hawayaoni. Umetaka sita. Kijana aliyesoma vizuri anazo tatu au nne za kweli: siasa za utawala wa Wabelgiji, vita vilivyoanza Oktoba 1990, hali mbaya ya uchumi baada ya bei ya kahawa kuanguka, propaganda. Akifika ya tano anakuna kichwa, na ya sita anaichukua kijiweni au kwenye mazungumzo ya nyumbani. "Walikuwa na kiburi." "Walipendelewa." "Walijitafutia." Ukisoma upya karatasi za lile jaribio, nadhani utakuta maneno ya namna hiyo mengi yamekaa mwishoni mwa majibu, hoja ya tano na ya sita. Kijana wako hakuanza na chuki. Alikuwa anatafuta alama mbili zilizobaki.

Kwa hiyo punguza idadi, utaje watendaji kwa vyeo na taasisi zao, na uweke mipaka ya wakati. Mtihani wenyewe utauandika kwa Kiingereza kama somo linavyotaka, lakini kasoro hizi huhama na swali katika lugha yoyote, na tiba yake ni ileile. Swali lako linaweza kuwa hivi:

"Eleza jinsi kila kimojawapo kati ya hivi kilivyochangia utekelezaji wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda kati ya Aprili na Julai 1994: (i) serikali ya muda, (ii) wanamgambo wa Interahamwe, (iii) kituo cha redio cha RTLM."

Ukitaka kupima sababu za muda mrefu, zitaje mwenyewe na umwombe mwanafunzi azifafanue:

"Fafanua namna mambo haya matatu yalivyotayarisha mazingira ya mauaji ya kimbari ya 1994: vitambulisho vyenye kabila vilivyoanzishwa na utawala wa Wabelgiji katika miaka ya 1930, vita vilivyoanza Oktoba 1990, upinzani dhidi ya Mkataba wa Arusha wa Agosti 1993."

Utaniambia kwamba nimempa mwanafunzi majibu. Nimempa vichwa tu. Kazi ya kuonyesha jinsi kitambulisho kilichoandikwa kabila mwaka 1933 kilivyokuja kutumika kwenye kizuizi cha barabarani mwaka 1994 bado ni yake, na hiyo ndiyo kazi ya Historia. Kukumbuka vichwa sita ni kazi ya kukariri, na katika mada hii kukariri kunakuletea hatari usiyoihitaji.

Kabla hujaendelea, kila swali lipitishe kwenye jaribio hili dogo. Toa jina la kundi, weka la kwako. "Eleza sababu sita zilizowafanya Waha wawaue" fulani na fulani. Ukihisi mwili unakataa, swali lina kasoro ya muundo. Sasa fanya vivyo hivyo kwa swali la taasisi tatu. Hakuna kabila la kutoa kwa upande wa watenda, na waliolengwa wametajwa kwa sababu kulengwa kwao ndiko kunakolifanya tukio liitwe mauaji ya kimbari. Jaribio hili lina mpaka wake: linapima maneno tu, halipimi ukweli. Ukigeuza majina ukapata sentensi ambayo ni ya uongo kihistoria, hilo halionyeshi kwamba swali la mwanzo lilikuwa na upendeleo.

Nije kwenye kisa ambacho nakushauri ukijengee swali lako kuu, kwa sababu kimepimwa mahakamani, tena hapa kwetu Arusha. Jean-Paul Akayesu alikuwa bagumesta, yaani mkuu wa komyuni ya Taba, katika mkoa wa Gitarama. Kabla ya hapo aliwahi kuwa mwalimu, kisha mkaguzi wa shule. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, ICTR, ilimhukumu tarehe 2 Septemba 1998, na hiyo ndiyo hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari. Alishtakiwa kwa makosa 15, akapatikana na hatia kwa 9, akapewa kifungo cha maisha.

Jambo linalokufaa wewe limo ndani ya hukumu yenyewe. Majaji waliona kwamba katika siku za mwanzo Akayesu alijaribu kuzuia vurugu Taba, na kwa muda alifanikiwa. Tarehe 18 Aprili ulifanyika mkutano kule Gitarama, viongozi wa serikali ya muda wakakutana na mabagumesta. Kesho yake Akayesu alihutubia watu waliokusanyika Gishyeshye akiwahimiza waungane kummaliza waliyemwita adui, na watu wakaelewa kwamba anamaanisha Watutsi. Tangu hapo mauaji yakashika kasi. Mahakama iliona kwamba Watutsi wasiopungua 2,000 waliuawa Taba kati ya tarehe 7 Aprili na mwisho wa Juni.

Ona ulichopata, mwalimu. Mtu ni yuleyule na kabila lake ni lilelile, ila alifanya hivi kabla ya mkutano na akafanya vile baada yake. Mwanafunzi hawezi kulijibu swali hili kwa kusema "kwa sababu alikuwa Mhutu", maana alikuwa Mhutu tarehe 17 pia. Analazimika kutafuta maelezo kwenye siasa, madaraka, woga na amri. Kisa kimoja kilichochaguliwa vizuri kitakufanyia kazi ambayo maonyo kumi ya "msichukiane" hayawezi kuifanya.

Andika kifungu kifupi, mistari minane hivi, kwa maneno yako mwenyewe, chenye ukweli niliokupa. Kisha maswali yafuate.

"(a) Kwa kutumia kifungu, bainisha tofauti kati ya mwenendo wa Akayesu kabla ya tarehe 18 Aprili na baada yake. (Alama 4)"

"(b) Kwa kutumia kifungu na mambo mengine uliyojifunza, eleza jinsi viongozi wa ngazi ya kitaifa walivyowatumia viongozi wa ngazi ya chini katika mauaji haya. (Alama 6)"

"(c) Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1948 unataka ithibitike kwamba kulikuwa na nia ya kuangamiza kundi, lote au sehemu yake. Eleza jinsi hotuba ya Gishyeshye inavyoweza kutumika kama ushahidi wa nia hiyo. (Alama 5)"

Katika kifungu hicho usiweke maelezo ya miili wala ya namna watu walivyouawa. Hukumu ya Akayesu inajulikana pia kwa kutamka kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Hilo unaweza kulifundisha darasani kwa maandalizi. Ndani ya chumba cha mtihani, ambako mtoto haruhusiwi hata kumshika mwenzake mkono, nisingeliweka. Usinukuu pia matangazo ya RTLM neno kwa neno. Matusi yaliyotumika kuwaita watu wadudu yakishachapwa kwenye karatasi hubebwa mpaka mabwenini, na majina ya utani huanzia hapo. Inatosha kuandika kwamba redio iliwafananisha Watutsi na wadudu na kutaja majina ya watu wa kusakwa, halafu uulize kwa nini watangazaji walifanya hivyo.

Sasa tuangalie yale yasiyotakiwa kuulizwa kabisa, na ni ya aina mbili zinazopingana. Aina ya kwanza ni jambo lililokwisha kuamuliwa ambalo mtungaji analigeuza kuwa mjadala. "Je, unakubali kwamba mwaka 1994 yalitokea mauaji ya kimbari Rwanda?" Swali hilo huonekana la kuchangamsha bongo, lakini Juni 2006 majaji wa rufaa wa ICTR, katika kesi ya Karemera na wenzake, walisema kwamba kutokea kwa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ni jambo linalojulikana kiasi kwamba upande wa mashtaka hautakiwi tena kulithibitisha. Jambo ambalo mahakama haidai ushahidi wake, wewe usimpe kijana wa miaka 17 alama 20 za kulikana.

Aina ya pili ni jambo ambalo halijaamuliwa, na mtungaji analifanya swali la kuchagua. Nani aliyeitungua ndege ya Rais Habyarimana usiku wa 6 Aprili 1994? Ndege hiyo ilikuwa inatoka Dar es Salaam, na ndani alikuwemo pia Rais Ntaryamira wa Burundi. Wanafunzi wako watakuwa wamesikia majibu mawili kwa nguvu sawa. Mwaka 2006 jaji mmoja wa Ufaransa aliwatuhumu watu wa RPF, kundi la waasi lililokuwa likipigana na serikali tangu 1990. Mwaka 2012 wataalamu walioteuliwa na majaji wengine wa Ufaransa walieleza kwamba makombora yalirushwa kutoka eneo la kambi ya Kanombe, iliyokuwa chini ya jeshi la serikali. Mwaka 2018 majaji wakaifuta kesi kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Ukiandika A, B, C na D zenye majina ya makabila, yeyote atakayekosa atatoka nje akisema amekoseshwa kwa ajili ya kabila lake, na hutakuwa na ushahidi wa kumjibu. Uliza badala yake jinsi tukio hilo lilivyotumiwa na waliokuwa tayari kuua. Hilo lina jibu.

Idadi ya waliouawa nayo iangalie. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1999 ilitaja watu wapatao 800,000, serikali ya Rwanda hutaja zaidi ya 1,000,000, na wapo watafiti wanaotaja chini ya hapo. Swali la alama moja linalotaka tarakimu moja litamwadhibu mtoto kwa kitabu alichosoma.

Nimefika kwa yule aliyeuliza kuhusu Burundi. Mtoto huyo aliuliza swali la kweli, na bila shaka nyumbani kwao linaulizwa kila mwaka. Mwaka 1972 babu yake hakukimbia bure. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo waasi wa Kihutu walishambulia kusini mwa Burundi, upande wa Rumonge na Nyanza-Lac, wakaua Watutsi wengi. Serikali ya Rais Micombero ikajibu kwa kuwasaka Wahutu nchi nzima, hasa waliosoma: walimu, watumishi wa serikali, wanafunzi waliotolewa madarasani. Makadirio mengi ya waliouawa ni kati ya 100,000 na 300,000. Waliookoka na kuvuka kuja huku ndio walioanzishiwa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu.

Kama muhtasari unakuruhusu, na kwa mtihani wa ndani ya shule mara nyingi nafasi ipo, liwekee tukio hilo swali lake lenyewe, lenye kanuni zilezile: "Eleza jinsi serikali na jeshi la Burundi walivyotekeleza mauaji ya mwaka 1972 dhidi ya Wahutu, na matokeo yake mawili kwa Tanzania." Andika "mauaji ya mwaka 1972 dhidi ya Wahutu" bila kumlazimisha mwanafunzi kuthibitisha jina la kisheria. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Burundi iliyaita mauaji ya kimbari mwaka 2021, lakini hakuna mahakama ya kimataifa iliyoyasikiliza. Mwanafunzi akitumia jina hilo na akaeleza sababu, apate alama yake. Asipolitumia, asipunguziwe.

Ninachokusihi usifanye ni kuyaweka matukio haya mawili ndani ya swali moja la "linganisha". Kwa darasa lako, swali hilo litasomwa kama mzani: nani aliua zaidi, nani alianza. Majibu yatakuja na maumivu ya nyumbani, na hutaweza kuyapa alama kwa haki. Maswali mawili tofauti, kila moja na watendaji wake na miaka yake, yanamwambia yule mtoto kwamba wafu wa kwao wanajulikana, na hayamwambii yule msichana aliyelia kwamba wafu wa kwao wamefidiwa.

Utakutana pia na jibu linalosema, "Hata RPF waliua Wahutu." Hili usilifute kwa kalamu nyekundu, kwa sababu lina ukweli. Tume ya wataalamu iliyoundwa na Umoja wa Mataifa ilitoa ripoti yake ya mwisho Desemba 1994. Ilisema kwamba pande zote mbili zilivunja sheria za vita na kutenda uhalifu mkubwa dhidi ya binadamu, kwamba mauaji ya kimbari yalitendwa dhidi ya Watutsi kwa mpango, na kwamba haikupata ushahidi wa nia ya kuwaangamiza Wahutu kama kundi. Weka mambo hayo kwenye mwongozo wako wa kusahihishia. Mwanafunzi anayetaja uhalifu wa RPF mahali unapohusika anapata alama. Anayeutumia kusema kwamba mauaji ya kimbari hayakutokea, au kwamba yalikuwa mawili yanayolingana, hoja hiyo haipati, na pembeni unamwandikia ukweli gani ameuacha.

Mwongozo huo uandike siku ileile unayoandika swali, kabla hujaona karatasi hata moja, maana ukishaona mwandiko unamjua mwenyewe, na ukishamjua mwenyewe unajua anatoka wapi. Jibu la "walijitafutia" linaingia humo hivi: kila hoja inasahihishwa peke yake. Tano sahihi zinapata alama zake zote. Ya sita inapata sifuri kwa sababu inatoa hukumu juu ya waliouawa na haielezi kitu chochote kilichotokea. Usimpunguzie alama za hoja nyingine kama adhabu. Ukifanya hivyo unakuwa umeacha kupima Historia na kuanza kupima tabia, na yeye atalihisi. Pembeni andika, "Hapa hujataja tukio wala ushahidi." Kisha umwite mkae wawili, umuulize sentensi ile ameitoa wapi. Akikujibu kwamba ndivyo wanavyosema nyumbani, usimshambulie baba yake. Mrudishe Taba, mwombe akuonyeshe watu 2,000 wale walikuwa wamefanya nini.

Lakini pale ambapo mwanafunzi ameandika vitisho kwa mwenzake, au amemtaja mtu wa darasani, karatasi hiyo haiishii kwenye alama. Isahihishe kwa mwongozo kama nyingine, halafu siku hiyohiyo uipeleke kwa mwalimu wa malezi na unasihi.

Kama mtihani una sehemu ya insha za kuchagua, liweke swali la Rwanda huko, lisiwe la lazima. Mtoto aliyepoteza ndugu asilazimike kuandika kurasa mbili juu ya kifo chao ili afaulu. Hakikisha tu kwamba maswali mengine ya kuchagua yana uzito unaolingana, yasije yakawa magumu kiasi cha kumrudisha kulekule. Usimwambie mtu "jifanye wewe ni askari wa kizuizini" wala "andika barua ukiwa mhanga". Swali la namna hiyo humtaka mtoto mmoja aigize muuaji wa babu wa mwenzake, na sijui mwongozo wa kusahihishia unaoweza kulipima kwa haki.

Angalia na kalenda. Kwa jaribio la nusu muhula, 7 Aprili ni Siku ya Karume kwetu na ni siku ambayo Wanyarwanda huanza maombolezo. Mwisho wa Aprili Warundi wanaukumbuka mwaka 1972, na 21 Oktoba ni siku aliyouawa Rais Ndadaye mwaka 1993. Mtihani wako wa mwisho wa mwaka unaangukia baada ya tarehe hizo zote, kwa hiyo hapo uko salama.

Siku ya kurudisha karatasi ndiyo iliyokuharibikia, na hiyo inahitaji mpangilio wake. Rudisha karatasi zikiwa zimekunjwa, mkononi kwa kila mmoja, mwisho wa kipindi. Masahihisho ya swali hili yafanye ubaoni kwa kutumia jibu uliloliandika wewe, si la mwanafunzi yeyote, hata lililo bora kuliko yote. Ukisoma kwa sauti jibu zuri la mtoto wa upande mmoja, darasa lako litaanza kuhesabu.

Kwa mkuu wa shule, usiende mikono mitupu kuomba ruhusa ya "kurudia mada". Mpelekee kifungu cha Taba, maswali yake matatu na mwongozo wa kusahihishia, vyote vikiwa vimechapwa, na lile swali la zamani juu yake ili aone tofauti. Kabla ya hapo wape walimu wenzako wawili wavisome, mmoja wao awe asiyefundisha Historia, na ikiwezekana mwingine awe mtu ambaye familia yake ilivuka mpaka. Waombe wasiangalie kama swali ni zuri. Waombe wapige mstari chini ya kila neno ambalo wangeona aibu kulisoma mbele ya mzazi wa mwanafunzi aliyefiwa, wa upande wowote. Mistari ikipigwa, badilisha maneno hayo kwanza, ndipo uende ofisini.